Marundo Manne ya Iowa: Cheza, Piga Hesabu, Usidanganyike

Ukitaka kujua hisia zina kazi gani mtu anapoamua jambo, tafuta manila, mkasi, kalamu na mtu mmoja mwenye saa moja ya nafasi. Utatengeneza mchezo wa karata uliotangazwa mwaka 1994 na Antoine Bechara, Antonio Damasio, Hanna Damasio na Steven Anderson wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani. Vitabu vingi vinautaja, lakini wengi wanaousimulia hawajawahi kuucheza. Wewe ucheze, ndipo utajua lipi la kuamini.

Anza na mgonjwa, karata zitafuata. Katika maandishi ya kitabibu hutajwa kwa herufi EVR tu. Alikuwa mhasibu mzuri, mume na baba. Akiwa na miaka 35 alipasuliwa kutolewa uvimbe, na sehemu ya chini na ya katikati ya ubongo wake wa mbele ikaondoka nao. Gusa kati ya nyusi zako. Ukiingia ndani moja kwa moja, juu kidogo ya matundu ya macho, ndipo penyewe.

Alipopona akapimwa akili, akapata alama za juu. Kumbukumbu nzima, lugha nzima, hesabu nzima. Ila maisha yalimshinda. Aliingia ubia na mtu ambaye jamaa zake walimwonya asimkaribie, akafilisika. Kazi hazikukaa, ndoa ikavunjika. Hata kuchagua hoteli ya kula kungeweza kumaliza saa kadhaa: atapima meza zilivyopangwa, menyu, uendeshaji, na bado hajaamua.

Shika hapo, maana ndipo mchezo unapotoka. Vipimo vya kawaida havikuona kasoro yoyote kwake. Ulihitajika mtihani unaofanana na maisha, ambao faida unaiona papo hapo, hasara inakuja nyuma yake, na hesabu yenyewe huwezi kuimaliza kichwani.

Kutengeneza

Kata vipande 160 vya manila vinavyolingana. Gawa marundo manne ya karata 40, uyaite A, B, C na D. Migongo ifanane kabisa. Upande wa mbele andika faida, na kama karata ina hasara iandike chini yake kwa wino mwekundu.

Faida ni rahisi. Kila karata ya A na ya B inalipa 100. Kila karata ya C na ya D inalipa 50.

Hasara zipange kumi kumi. Rundo A, katika karata kumi za kwanza, weka 150 kwenye karata ya 3, 300 kwenye ya 5, 200 kwenye ya 7, 250 kwenye ya 9 na 350 kwenye ya 10. Rundo B lina pigo moja tu, 1,250 nzima, kwenye karata ya 9. Rundo C lina hasara tano za 50, kwenye nafasi zilezile za A. Rundo D lina hasara moja ya 250, kwenye karata ya 10. Kwa kila kumi linalofuata rudia viwango hivyohivyo, ila badilisha nafasi.

Kagua kabla ya kumwita mtu. Karata kumi za A zinaleta 1,000 na kuondoka na 1,250, kwa hiyo umepoteza 250. B vilevile. Karata kumi za C zinaleta 500 na kuondoka na 250, kwa hiyo umebaki na 250. D vilevile. Rundo lisilokupa jibu hilo umeliandika vibaya, lirekebishe.

Mkatie mchezaji noti za karatasi za thamani ya 2,000, umwambie ni mkopo. Kama 100 haina uzito kwenu, ongeza sifuri mbili kila mahali. Kinachofanya kazi ni uwiano. Pesa za kweli usiweke. Utaishia kusuluhisha ugomvi badala ya kusoma matokeo.

Kuendesha

Mwambie mchezaji mambo manne, halafu unyamaze. Achague karata moja moja kutoka rundo lolote. Anaweza kuhama rundo wakati wowote. Kila karata inalipa, ila nyingine zinakata pia. Lengo ni kumaliza na pesa nyingi kadiri awezavyo. Unaweza kumdokezea kwamba kuna marundo mabaya kuliko mengine. Watafiti wenyewe walikuja kufanya hivyo. Usimwambie mchezo unaishia wapi. Wewe utamsimamisha kwenye karata ya 100.

Kila anapochagua, andika herufi ya rundo. Herufi tu, kwa mfululizo, ishirini kila mstari. Mwisho utakuwa na mistari mitano, na hiyo ndiyo data yako yote.

Uso wako uchunge. Mtu akiona umetabasamu kila anapogusa D, atacheza uso wako, siyo karata. Kaa pembeni yake kuliko kumkabili.

Baada ya karata 20 msimamishe, umwombe aeleze yote anayojua kuhusu mchezo na anavyouhisi. Kisha urudie kila baada ya karata 10. Hivi ndivyo Bechara, Hanna Damasio, Daniel Tranel na Antonio Damasio walivyofanya katika utafiti wao wa 1997. Andika maneno yake kama yalivyo. Akisema "sina hakika, ila hili B silipendi", usiandike "amegundua B ni baya". Hayo ni mambo mawili, na mjadala mzima wa miaka iliyofuata uko katikati yake.

Angalia mkono pia. Karibu na karata ya 30 wachezaji wengine huanza kusitasita. Mkono unakwenda A, unasimama hewani, unahamia C, na ukimuuliza kwa nini hana jibu la maana. Usimsaidie kulipata.

Iowa waliona nini

Watu wazima wa ubongo walianza kwa kuonja yote manne, wengi wakavutwa na zile 100 za A na B. Kadiri hasara zilivyowagonga walihamia C na D. Wagonjwa walioumia eneo lile la chini-kati waliendelea kurudi A na B mpaka mwisho, wengine wakikopa tena.

Jambo la kuvutia zaidi lilikuwa kwenye viganja. Mwaka 1996 kikundi hichohicho kiliwabandika wachezaji vipimo vya jasho la ngozi. Wote, wazima na wagonjwa, walitoka jasho kidogo baada ya kushinda au kupigwa. Lakini wazima, baada ya karata kadhaa, walianza kutoka jasho kabla ya kuchukua karata, na zaidi mkono ulipokuwa unaelekea rundo baya. Wagonjwa hawakuonyesha lile jasho la kabla. Pigo lenyewe waliliona na lilipowapata walishtuka. Kilichokosekana ni kushtuka mapema.

Antonio Damasio aliyaona matokeo hayo kuwa yanaunga mkono dhana yake ya alama za mwilini. Anasema hivi: jambo likikuumiza, mwili hubadilika, na moyo, tumbo na ngozi huwamo. Eneo lile la ubongo hufunga hali hiyo ya mwili na jambo lililoileta. Siku nyingine ukikabili jambo linalofanana, mwili, au ubongo unaouiga mwili, huirudisha hali ile kidogo kabla hujaamua. Njia mbaya inapata doa, unaiacha bila kuipigia hesabu ndefu. Asiye na alama hizo hubaki na orodha ndefu ya sababu zenye uzito sawa, kama EVR mbele ya hoteli zake.

Katika utafiti wa 1997 walikuwapo wazima 10 na wagonjwa 6. Wazima walianza kusema wana hisi fulani karibu na karata ya 50, na kufikia karata ya 80 saba kati yao waliweza kueleza marundo mabaya ni yapi. Watatu hawakuweza kueleza, na bado walichagua vizuri. Upande wa wagonjwa, watatu kati ya sita walieleza sawasawa marundo yapi ni mabaya, kisha wakaendelea kuchukua karata humohumo. Isome tena sentensi hiyo. Kwangu mimi hayo ndiyo matokeo mazito kuliko yote ya mchezo huu, kuliko hata lile jasho. Kujua kulikuwapo. Kujua hakukuusukuma mkono.

Kupiga hesabu

Sasa rudi kwenye mistari yako mitano. Kwa kila mstari jumlisha C na D, utoe A na B. Jibu la chanya maana yake mchezaji ameegemea marundo mazuri, la hasi ameegemea mabaya. Weka majibu matano kwenye grafu. Mstari unaopanda ndio uliochapishwa vitabuni.

Usiishie hapo. Hesabu kila rundo peke yake pia, kwa sababu ile hesabu ya jumla inaficha mambo. Tuseme umemchezesha jirani yako. Katika karata 20 za kwanza amechukua A mara 5, B mara 7, C mara 4, D mara 4. Nane toa kumi na mbili, amepata hasi 4. Katika 20 za mwisho amechukua A mara 1, B mara 7, C mara 5, D mara 7. Kumi na mbili toa nane, amepata chanya 4. Ukitazama grafu utasema amejifunza.

Tazama rundo kwa rundo. A ameiacha, kutoka 5 hadi 1. B haijatikisika, 7 mwanzo na 7 mwisho. Jirani yako amejifunza kukimbia rundo linalouma mara kwa mara. Hajajifunza kukimbia rundo linalopoteza. Hasara ya hayo mawili kwa kila karata kumi ni ileile, 250.

Na si yeye tu. Ching-Hung Lin na Yao-Chu Chiu na wenzao huko Taiwan waliandika mwaka 2007 kwamba watu wasio na jeraha lolote hupenda B. Fuatilia hesabu yake utaelewa. Karata nane za kwanza zinampa 800 bila mkwaruzo. Ya tisa inalipa 100 na kukata 1,250, kwa hiyo yuko hasi 350. Ya kumi inamrudisha hadi hasi 250. Lakini kati ya karata kumi, tisa zilikuwa tamu. Kama mwongozo wetu ni idadi ya mara tulizoumia, B litaonekana jema.

Kwa hiyo usimpime mtu ugonjwa kwa mchezo huu. Watu wazima kabisa hupata alama mbovu. Hospitalini matoleo ya kompyuta hutumika, ila pamoja na vipimo vingine na picha ya ubongo, mikononi mwa mtaalamu. Mjomba wako akimaliza na hasi 30, amemaliza na hasi 30, basi.

Mitego mitatu ya kusoma matokeo

Wa kwanza: "mwili ulijua kabla ya akili." Usiukubali haraka. Tiago Maia na James McClelland waliurudia mchezo mwaka 2004 wakiuliza maswali makali zaidi. Walikuta kwamba wachezaji walipoanza kuchagua vizuri, karibu wote tayari waliweza kueleza lipi ni zuri. Maswali ya wazi ya 1997 yaliwaacha watu na maarifa ambayo hawakuyataja. Mbinu yako ni rahisi. Pamoja na maelezo yake, mwambie mchezaji atoe alama kwa kila rundo kuanzia hasi 10 hadi 10, na ataje angechagua lipi kama angebanwa na rundo moja tu. Utashangaa mtu wa "sijui chochote" anavyozipanga sawasawa.

Wa pili ndio mkubwa, nao umejificha kwenye mpangilio wako mwenyewe. Rudi uangalie karata za mwanzo. Mbili za kwanza za A ni tamu. Nane za kwanza za B ni tamu. Mchezo unakufundisha kwanza kwamba A na B ni bora, halafu unakutaka ulifute somo hilo. Sasa mgonjwa anayeshindwa ameshindwa nini? Kuona mbele, au kufuta alichojifunza kwanza?

Lesley Fellows na Martha Farah walilijaribu hilo na kulichapisha mwaka 2005. Walipanga karata upya ili hasara zitokee tangu mwanzo, pasiwe na somo la uongo la kufuta. Wagonjwa wa eneo la chini-kati wakacheza kama wazima. Alama za mwilini zilidaiwa kuwa ndizo zinazokosekana, na hazikuwa zimerudi. Kilichobadilika ni mfuatano wa karata tu.

Ijaribu nyumbani. Chukua karata nane za juu za kila rundo, zipeleke chini. Sasa pigo la 1,250 la B ni karata ya kwanza kabisa, na hasara ya 250 ya D ni ya pili. Lazima upate mchezaji mpya, maana aliyekwisha cheza tayari anajua. Afadhali uwe na watu kadhaa kwa kila mpangilio. Mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja hakuambii kitu, kwa sababu tofauti kati ya watu wazima ni kubwa. Linganisha mistari miwili ya kwanza. Ukiona B linakimbiwa mapema katika mpangilio mpya, umekwisha ona nguvu ya zile karata nane tamu.

Utafiti wa Fellows na Farah hauifuti dhana ya Damasio. Unaipunguzia eneo. Mtu anayeshindwa kubadili mkondo baada ya mambo kugeuka ataharibikiwa vilevile katika ubia, katika ndoa, katika kazi. EVR anaingia humo vizuri. Ila maelezo hayo hayahitaji jasho la kiganja ili yasimame, na anayekwambia mchezo wa Iowa "umethibitisha" alama za mwilini hajafika kwenye utafiti huu.

Wa tatu unahusu jasho lenyewe. Kumbuka A na B zina faida kubwa na hasara kubwa. Je, kiganja kinaonya juu ya ubaya, au kinasisimkia ukubwa wa kiasi? Ian Tomb na wenzake waligeuza mambo mwaka 2002, wakaweka viwango vikubwa kwenye marundo mazuri. Jasho la kabla likahamia marundo mazuri, na watu wakachagua vizuri vilevile. Kwa sababu hiyo usihangaike kumvisha mchezaji saa ya kupima mapigo ya moyo. Ukiona yamepanda hutajua yamepanda kwa hofu, kwa hamu, au kwa sababu chai imekolea.

Mchezo wa pili, wa sarafu

Ukimaliza, usimruhusu mtu aondoke akisema "basi fuata hisia zako". Kuna mchezo mfupi unaomjibu. Baba Shiv na wenzake, wakiwamo Bechara na Antonio Damasio, waliuchapisha mwaka 2005. Mchezaji anapewa dola 20 na raundi 20. Kila raundi anachagua: abaki na dola yake moja, au aiweke. Akiiweka, sarafu inarushwa. Upande mmoja anaipoteza, upande mwingine anapata dola mbili na nusu.

Piga hesabu kabla ya kucheza. Ukiweka mara mbili, kwa wastani unapoteza moja na kushinda moja: umetoa 2, umepata 2.50. Kwa hiyo kuweka kila raundi ndiko bora, na mtu yeyote mwenye penseli anaweza kuliona.

Wazima waliweka katika asilimia 58 hivi ya raundi. Wagonjwa waliokuwa na majeraha katika maeneo ya ubongo yanayohusika na hisia, likiwamo eneo letu la chini-kati, waliweka asilimia 84 hivi. Wagonjwa wakamaliza na wastani wa dola 25.70, wazima dola 22.80. Hisi ileile ya kushtuka mapema, ambayo ingekuokoa kwenye rundo A, hapa inakunyima pesa.

Cheza na mtu yuleyule wa karata. Hapa hakuna siri ya kuharibika. Andika kila raundi aliweka au hakuweka, na sarafu ilisemaje. Halafu usihesabu jumla kwanza. Tenga zile raundi zinazofuata mara tu baada ya kupoteza, uzilinganishe na zile zinazofuata baada ya kushinda. Wazima wa Shiv walirudi nyuma zaidi walipotoka kupoteza, ilhali sarafu haikumbuki raundi iliyopita. Angalia wako atafanyaje, na kama alijua ile hesabu ya penseli tangu mwanzo, mwulize kwa nini hakuifuata. Andika jibu lake kama lilivyo.